Binti anajikuna makalio kila usiku, kipimo cha choo kinasema hana minyoo

Mama_Pasua
Habari za jioni wadau. Niko Moshi, Pasua. Binti yangu ana miaka 5, anasoma chekechea. Mchana kutwa hana shida, anacheza na kula vizuri. Analala saa mbili, ikifika kama saa nne au tano usiku anaanza kujikuna makalio, anajigeuzageuza na kulia bila kuamka sawasawa. Asubuhi nikimwangalia, kuzunguka njia ya haja kubwa pamekuwa pekundu, na siku hizi anasema hata mbele panamuwasha.

Nilimpeleka zahanati wakapima choo, jibu likaja hana minyoo. Mkojo nao hauna shida. Hata hivyo nikanunua albendazoli famasia, akatafuna kidonge kimoja, akatulia kabisa. Sasa umepita zaidi ya mwezi na hali imerudi vilevile. Je, ni minyoo kweli au nitafute ugonjwa mwingine? Na kama ni minyoo, kwa nini dawa haikumaliza?

Nyumbani tupo wengi: mimi, baba yao ambaye ni dereva na hurudi Ijumaa usiku, mdogo wake wa kiume wa mwaka mmoja na nusu, dada wa kazi, bibi yao mzaa baba, na wifi yangu ana mimba ya miezi miwili. Binti analala kitanda kimoja na bibi.

Mangi_Kiboriloni
Pole sana mama. Hiyo ni minyoo, wala usihangaike na vipimo. Mpe dawa tena. Ila chanzo chake ni sukari. Punguza pipi, biskuti na soda, minyoo inapenda sukari. Na kama mna mbwa au paka mtoeni ndani, manyoya yao ndiyo yanaleta. Wapuliziaji waje wapige dawa nyumba nzima.

Mama_wa_Sakina
Wangu alikuwa hivyohivyo, Arusha hapa. Niliambiwa choo hakina kitu mara zote nilizopima. Nikaamua kumvizia usiku na tochi ya simu. Nikamfunua taratibu akiwa amelala, nikaona vitu vyeupe vyembamba kama vipande vya uzi wa kushonea, havifiki hata urefu wa ukucha wangu, vinajinyonganyonga. Nilisisimka mwili mzima. Mvizie na wewe, utajua mbivu na mbichi usiku huohuo.

Tabibu_Rau
Mama Pasua, pole na kukosa usingizi. Mimi ni tabibu, watoto wa namna hii nawaona karibu kila wiki. Maelezo yako yanaelekea sana kwenye minyoo midogo myeupe ya uzi, siyo chango wala safura. Tofauti hiyo ndiyo inayojibu maswali yako yote mawili.

Chango na safura hutaga mayai ndani ya utumbo, mayai yanatoka na choo, kwa hiyo mpimaji anayaona kwenye darubini. Huyu wa uzi ana tabia yake. Jike akishakomaa anasubiri mtoto alale na mwili utulie, kisha anatoka mwenyewe hadi nje ya njia ya haja kubwa, anataga mayai kwenye ngozi pale pembeni. Mayai yana ute unaonata, na huo mtambao pamoja na ute ndivyo vinavyowasha. Mayai hayamo kwenye choo, yako kwenye ngozi. Ndiyo maana ukipeleka kikopo cha choo maabara wanakuambia safi, na kwa kweli hawajakosea.

Alichofanya mama wa Sakina ndicho kipimo cha kwanza. Saa mbili au tatu baada ya mtoto kulala, mwangalie kwa tochi, ukitandua makalio polepole. Kwa msichana angalia na mbele, kwa sababu wakitoka wengine hupotea njia wakaingia huko, ndiko kuwashwa kwa mbele kunakotoka. Ukikosa kuona, tumia selotepu ile inayopitisha mwanga. Asubuhi akiamka tu, kabla hajaenda chooni na kabla hajaoga, bandika upande wa gundi pale kwenye ngozi, gandamiza kidogo, bandua, halafu ibandike kwenye kioo cha maabara na uwapelekee. Omba kioo siku moja kabla. Asubuhi moja inaweza kukosa, kwa hiyo fanya asubuhi tatu mfululizo ndipo uamini jibu la "hakuna".

Suala la dawa kurudiwa nitaliandika nikitoka zamu.

Fundi_Sakina
Daktari shikamoo. Na mimi nawashwa huko nyuma muda mrefu sasa, hasa nikikaa kwenye pikipiki siku nzima, na chooni naona damu nyekundu kwenye karatasi. Nimeshameza dawa za minyoo mara kadhaa. Niongeze dozi?

Tabibu_Rau
Marahaba. Ndugu Fundi, usiongeze dawa ya minyoo. Minyoo hii inawasha usiku zaidi na haitoi damu ya namna hiyo. Damu nyekundu na kukaa muda mrefu kwenye kiti vinanielekeza kwenye bawasiri au mchaniko, lakini siwezi kukuambia bila kukukagua. Nenda ukakaguliwe wiki hii. Kuwashwa kwa mtu mzima kuna sababu nyingi, usijifananishe na mtoto wa miaka 5.

Mama_Pasua
Wadau, nimevizia jana. Nimewaona. Watatu, weupe, wanatembea. Bibi yake naye alishuhudia, na akaniambia kwa sauti ndogo kwamba hata yeye huwashwa usiku ila aliona aibu kusema. Daktari nasubiri hiyo ya dawa kurudiwa.

Mama_wa_Sakina
Pole dada. Bibi asione aibu, kwangu tulikutwa nayo mimi na watoto wote. Nyumba ni safi, tunapiga deki kila siku.

Tabibu_Rau
Sasa dawa. Albendazoli uliyompa ilifanya kazi, iliua minyoo iliyokuwa tumboni siku ile, ndiyo maana alitulia. Ila dawa hizi haziui mayai. Na mayai yalikuwa wapi? Kwenye kucha zake, chupi, shuka, godoro, na mikononi mwa bibi. Yai likishatagwa linakuwa tayari kuambukiza ndani ya saa chache tu, na nje ya mwili linaweza kuishi wiki mbili hadi tatu, hasa penye ubaridi na unyevunyevu. Nyie wa Moshi mnajua Juni na Julai nguo zinavyokaa kamba siku mbili hazikauki. Mtoto akajikuna, akashika andazi, akameza mayai mapya. Yai likimezwa huchukua kama mwezi hadi liwe jike linalotaga. Hesabu mwenyewe: alitulia, ukapita mwezi na ushee, kuwashwa kukarudi. Dawa haikushindwa. Aliambukizwa upya, na inawezekana kabisa ni kutoka kitanda kilekile.

Kwa hiyo dozi ni mbili, ya pili wiki mbili baada ya ya kwanza. Wale waliokuwa mayai siku ya kwanza watakuwa wameshaanguliwa, wamo tumboni, lakini hawajafikia kutaga. Unawapiga hapo. Na wote mnaolala nyumba hiyo mnameza siku moja, anayewashwa na asiyewashwa, maana watu wazima wengi wanayo na hawasikii chochote.

Kwa nyumba yako ningepanga hivi. Baba anarudi Ijumaa, basi siku yenu ni Jumamosi jioni, halafu Jumamosi ya wiki mbili baadaye. Wewe, baba, bibi, dada na binti kila mmoja albendazoli miligramu 400 mara moja. Mdogo wa mwaka na nusu anapata nusu, miligramu 200. Kama ni ya maji, soma chupa: ikiandikwa miligramu 200 kwa mililita 5, basi ni mililita 5. Kama ni kidonge, kisage uchanganye na maji kidogo, usimlazimishe kukimeza kizima wala kumziba pua, anaweza kupaliwa. Aliye chini ya mwaka mmoja asipewe hadi aonwe na daktari. Kabla ya kumeza, mwenye ugonjwa wa ini au anayetumia dawa za kifafa amwambie mfamasia.

Wifi yako asimeze. Miezi mitatu ya kwanza ya mimba dawa hizi tunaziepuka. Minyoo hii inaishi utumbo wa mama, haimfikii mtoto tumboni, kwa hiyo hakuna haraka. Yeye afuate usafi nitakaoeleza, na alitaje jambo hili kliniki ya wajawazito, wao wataamua baadaye kama apewe.

Baba_Neema_Njiro
Daktari, famasia mimi huwa wananipa mebendazoli vidonge sita, asubuhi na jioni siku tatu. Si hiyo ndiyo dozi kamili? Mbona mnasema mara moja?

Tabibu_Rau
Hiyo ya siku tatu, miligramu 100 mara mbili kwa siku, ni kwa ajili ya akina chango na safura. Kwa hawa wa uzi, kidonge kimoja cha miligramu 100 kinatosha kwa siku hiyo, kisha kingine baada ya wiki mbili. Nataka uelewe hivi: hata ukimeza sita kwa siku tatu, bado unawapiga wale waliomo tumboni wiki hiyo. Mayai ya kwenye shuka yanakusubiri. Siku tatu mfululizo haziwezi kusimama badala ya dozi ya wiki mbili baadaye.

Mwalimu_Chekechea
Wazazi, shuleni watoto wa msingi hupewa dawa za minyoo na serikali, wengine wanakuja kusema "tayari walimeza". Na mimi nina swali: nikijua mtoto darasani anayo, nimrudishe nyumbani?

Tabibu_Rau
Mwalimu, asante kwa kuuliza. Dawa ya shuleni ni nzuri, inalenga zaidi minyoo ya udongoni. Lakini ni dozi moja kwa mtoto mmoja, bibi na mdogo wake wamebaki nyumbani, kwa hiyo huyu wa uzi haondoki kwa njia hiyo. Usimrudishe mtoto. Ameze dawa, aoge asubuhi, kucha fupi, aje shule. Ukimtenga, mzazi mwingine ataficha. Wewe simamia mikono kunawiwa kwa sabuni kabla ya uji na baada ya choo, maji yakitiririka kutoka kwenye kopo au ndoo ya koki. Beseni moja la kunawia watoto thelathini linagawa mayai kwa kila mmoja.

Mangi_Kiboriloni
Daktari sukari hujaigusa. Na mbwa je?

Tabibu_Rau
Mangi, hapo kwenye "mpe dawa tena" ulikuwa sahihi. Mengine hapana. Sukari haileti minyoo hii wala kuacha pipi hakuiondoi. Tunapunguza pipi kwa ajili ya meno. Mbwa na paka hawaishi na minyoo hii, huyu ni wa binadamu peke yake, kwa hiyo mbwa wako abaki. Ana minyoo yake mingine na anahitaji dawa yake, lakini hiyo ni habari nyingine. Na kupuliza dawa ya wadudu ndani hakuui mayai haya, utaumiza vifua vya watoto na fedha yako itakwenda.

Mangi_Kiboriloni
Nimekuelewa. Ila bibi yangu kule Marangu alikuwa anatupa mbegu za papai na tulipona. Hilo siliachi.

Tabibu_Rau
Sitabishana na bibi. Ninachosema, mwenye mtoto anayelia usiku asitegemee mbegu badala ya dozi mbili.

Mama_Pasua
Asante sana daktari. Naomba sasa huo usafi. Nguo nafulia beseni, sina mashine, maji ya moto ni ya mkaa. Siwezi kuchemsha mashuka ya nyumba nzima kila siku.

Tabibu_Rau
Huhitaji kuchemsha kila siku. Kama una nguvu ya jambo moja tu, liwe hili: asubuhi mtoto akiamka, kabla ya chai, kabla hajavaa sare, aoshwe makalio kwa sabuni na maji ya kumwagia. Mayai yametagwa usiku, yapo palepale kwenye ngozi. Ukiyaosha alfajiri umeyatoa mengi kabla hayajasambaa. Kuoga jioni peke yake hakusaidii sana, unaosha kabla ya kutagwa.

Na asikae ndani ya beseni. Najua kwetu watoto wawili wanaogeshwa beseni moja, wa kwanza akitoka wa pili anaingia maji yaleyale. Hapo unamhamishia mdogo mayai ya mkubwa. Msimamishe, mwagia kwa kopo, maji yaende zake. Wewe nawa mikono yako kwa sabuni, na usugue chini ya kucha.

Alale na chupi inayobana kiasi chini ya nguo ya kulalia, ili akijikuna usingizini vidole visifike kwenye ngozi. Asubuhi chupi hiyo inavuliwa na kuwekwa moja kwa moja kwenye ndoo, isirushwe kitandani. Chupi za usiku ni chache, mimina maji yaliyochemka juu yake, funika zikae, kisha fua. Hiyo ni birika moja.

Mashuka na foronya fua asubuhi inayofuata kila dozi, yaani Jumapili zile mbili, na kati yake kadiri uwezavyo. Kosa ninaloliona sana ni kukung'uta shuka kitandani au dirishani. Mayai ni mepesi, yanaruka na vumbi, mtu anayavuta na kuyameza. Likunje kwa ndani polepole, lipeleke kwenye maji. Likikauka lipige pasi ya moto, joto linayaua. Jua kali linasaidia pia, godoro litoeni nje siku yenye jua na mapazia yafunguliwe. Sakafu chini ya kitanda pigeni deki kwa kitambaa chenye maji, msifagie kikavu. Sanitaiza isikudanganye, haiui mayai haya, yanaondolewa kwa kusuguliwa na sabuni na maji.

Kucha za wote ziwe fupi, na mwenye kunyonya kidole au kutafuna kucha asaidiwe kuacha. Kwa wiki hizi mbili, kama inawezekana, binti alale peke yake, hata kwenye godoro la chini.

Baba_Neema_Njiro
Swali la mwisho kwangu. Tulimeza wote, siku ya tatu mtoto bado anajikuna. Ndiyo imeshindwa?

Tabibu_Rau
Siku ya tatu ni mapema. Ngozi ilishachubuka, kuwashwa kunaweza kuendelea hadi kama wiki. Kukirudi baada ya wiki tano au sita ukiwa umeshamaliza dozi zote mbili, huo ni ugonjwa mpya, tafuta nani hakumeza au mtoto anakwenda kulala wapi kwingine. Kuna familia ambazo tunawarudia dawa zaidi ya mara mbili, lakini hiyo ipangwe na mtoa huduma.

Pia kila kinachowasha usiku si minyoo. Kama anawashwa katikati ya vidole, kwenye viganja na kiunoni, na nyumba nzima inajikuna mwili, fikiria upele. Huo dawa yake ni ya kupaka. Na mtoto mwenye wekundu mkali unaouma akienda haja, damu, usaha au uchafu unaotoka mbele, mleteni hospitali aonwe vizuri, msimalizie famasia.

Mama_Pasua
Wadau mrejesho. Jumamosi tulimeza wote isipokuwa wifi. Mdogo alipewa mililita 5. Dada wa kazi alisita, akadhani namtuhumu kuwa yeye ndiye aliyeleta, nikamweleza kwamba hata mimi nameza mbele yake, akakubali. Bibi amehamia kitanda cha wifi, nikajiuliza kama ni sawa.

Tabibu_Rau
Hapo hapana mama. Wifi ndiye pekee ambaye hakumeza, na bibi alikuwa anawashwa. Bibi alale peke yake au na wewe hadi dozi ya pili ipite, na wifi abadilishiwe shuka leo.

Mama_Pasua
Sawa daktari, bibi atalala chumbani kwangu, baba yao ameshaondoka. Tatizo lililobaki ni Jumamosi ya pili: ameniambia huenda wiki hiyo akapelekwa Tunduma na gari, hatakuwepo.

Mama_wa_Sakina
Mpe kidonge chake kwenye bahasha aende nacho, umpigie simu saa mnayomeza. Mimi wangu nilimfanyia hivyo.

Tabibu_Rau
Hiyo inafaa. Akichelewa siku mbili tatu ameze hapohapo anapokumbuka. Asirudi nyumbani akiwa hajameza.

Mwalimu_Chekechea
Mama Pasua, je, utamwambia mwalimu wake? Nauliza kwa sababu kama darasani wapo wengine watatu, mtakuwa mmesafisha nyumba na shule inawarudishia.

Mama_Pasua
Nalifikiria. Naogopa mtoto wangu kuitwa jina. Bado sijaamua.

Mwalimu_Chekechea
Omba aongee na wazazi wote bila kutaja jina la mtoto. Mimi ndivyo ningefanya kama ningekuwa mwalimu wake.